Mipangilio ya Kaka

Kaka yangu alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kusomea kompyuta. Kahawa ya Baba kule Igamba ilimsomesha yeye. Mimi nilibaki, kisha nikapata kazi ya kuchapa nyaraka za mizigo kwenye ofisi ya wakala wa forodha Tunduma. Nilipomaliza kuchapa, nilikaa nikitazama malori yaliyopanga foleni kuingia Zambia na kujiuliza kama maisha yangu yote yatakuwa ya kujaza majina ya madereva.

Ndipo nikaamua kujifunza kutengeneza tovuti. Nilinunua laptop iliyotumika, nikamsubiri Kaka aje likizo kutoka Dar es Salaam.

"Kaka, nianze na programu gani ya kuandikia?"

"VS Code," alisema. "Lete hapa."

Aliiweka, akaingia kwa akaunti yake mwenyewe, akabonyeza mara mbili tatu. Skrini ikageuka nyeusi, maandishi yakawa madogo kama siafu, na nyongeza, vijiprogramu vya kuisaidia VS Code, zikaanza kushuka moja baada ya nyingine, zile zile anazotumia kazini kwake.

"Umepata mipangilio ya mtaalamu. Shukuru."

Nilishukuru. Kesho yake akaondoka.

Siku ya kwanza niliyokaa kuandika, kibodi ilinikataa. Nilibonyeza herufi, haikutokea. Nilibonyeza nyingine, mstari mzima ukafutika. Laptop yenyewe ilikuwa inahema kwa uzito wa zile nyongeza. Nikampigia.

"Uko kwenye Vim, humo kila herufi ni amri," alisema, na nyuma yake nikasikia watu. "Bonyeza i kwanza ndiyo uandike." Halafu akawaambia wale watu, "Dada yangu anadhani kibodi imekufa." Wakacheka. Nilikata simu.

Nilibonyeza hiyo i kwa wiki kadhaa. Kila nilipokosea niliamini kilichoharibika ni kichwa changu.

Aliyenitoa humo ni mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na ofisi yetu. Alikuwa akitengeneza tovuti za nyumba za wageni. Aliitazama skrini yangu, akaguna.

"Dada, nani amekuwekea vitu hivi? Wewe unaanza. Unahitaji vitu vichache tu."

Alinionyesha ukurasa wa nyongeza, tukaanza kutoa. Ile ya Vim ikaenda kwanza. Nilipobonyeza a, ikaandikwa a. Karibu nilie. Tukaacha Prettier, inayopanga mistari vizuri, na tukawasha sehemu ya kuipanga kila ninapohifadhi. Tukaongeza Live Server, ili ukurasa ujifungue upya kwenye kivinjari kila ninapohifadhi, na Error Lens, inayoandika kosa pale pale kwenye mstari wenye kosa. Akakuza herufi, akaweka rangi nyeupe kwa sababu dirisha langu lina jua. Nilitaka nyongeza ya kubadilisha tagi, ile alama ya msimbo, ya kufunga kila ninapobadilisha ya kufungua. Akasema hiyo imo tayari ndani ya VS Code, ni ya kuwashwa tu kwenye mipangilio.

Jioni ile niliandika ukurasa mzima, wenye kichwa, picha na orodha. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Asubuhi simu ikalia.

"Umefanya nini?" Kaka alikuwa anapiga kelele. "Kompyuta yangu ya kazini imeharibika! Nyongeza zimetoweka, skrini nyeupe, nimeaibika mbele ya bosi!"

Sikuelewa. Mama wa duka ndiye aliyeelewa: akaunti ya Kaka ilikuwa bado imewashwa kwenye laptop yangu, na mipangilio ilikuwa ikisawazishwa kati ya mashine zetu. Nilichokitoa kwangu kilitoka na kwake.

Nilimweleza Kaka hivyo. Nilimwambia akaunti ni yake, aliiweka yeye.

"Hukuniuliza," akajibu.

"Nilikuuliza, mkacheka."

Akasema hana muda na mtu asiye na shukrani. Niliizima ile akaunti siku hiyo hiyo, nikabaki na mipangilio yangu. Yake aliirudisha, hilo nilisikia kwa mama yetu, kwa sababu mimi hakunipigia tena.

Niliendelea. Nilitengeneza tovuti ya nyumba ya wageni, kisha nyingine ya wauza mazao.

Mwaka huu tulikutana Igamba kwenye kipaimara cha mtoto wa shangazi. Baba aliitoa simu yake, akawaonyesha wageni ile tovuti ya mazao.

"Kazi ya binti yangu," alisema. "Kaka yake ndiye aliyempangia kila kitu kwenye kompyuta."

Wageni wakamgeukia Kaka kumpongeza. Nilimtazama usoni nikisubiri aseme neno. Alitabasamu, akawaambia si kitu, ni wajibu wa kaka.

Niliingia jikoni. Mama alikuwa akipakua wali, akaniuliza kwa nini nimenuna siku ya sherehe. Nikamwambia ni moshi.