Bei ya Kuanzia

Kwa miaka mingi, nikiwa mwinjilisti wa usharika wetu huku Masama, nilikuwa pia mnadishaji. Ibada ikiisha, sadaka za mazao hutolewa nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Mimi hunyanyua kitu juu na kuuliza nani anaanza. Anayeanza hutaja bei ndogo makusudi, kwa kuwa anajua mwenzake atapandisha, naye atapata nafasi ya kupandisha tena. Sijawahi kumwona mtu akitaja bei yake ya mwisho kwanza. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyonikosesha.

Dada yangu ni mjane, amenizidi miaka minne, na nyumba yake iko upande wa pili wa mfereji kwenye kihamba kilekile cha wazazi wetu, shamba la ukoo lenye migomba. Mara mbili kwa wiki alikuwa akibeba ndizi kichwani hadi barabarani ili azipeleke sokoni. Fedha hiyo ndiyo iliyonunua dawa zake za presha, sukari na mafuta ya taa. Jioni nilimkuta mara nyingi amekaa kitandani na viatu vyake vya matope, hana nguvu ya kuinama avivue. Nilivivua mimi. Sote wawili tulikuwa tumechoka, kila mmoja kwa namna yake.

Kisha akauza miti ya migrevilea aliyoiacha marehemu mume wake. Mbao zilimpatia milioni sita, na wiki hiyohiyo wapwa wa marehemu wakaanza kuja kumsalimia, kila mmoja na shida yake.

Nilikuwa nimehudhuria semina ya wastaafu usharikani, ambako ofisa wa benki alitueleza kwamba Serikali hukopa kwa wananchi kwa kuuza hatifungani. Benki Kuu huzinadi, kila moja na muda wake, na mtu wa kawaida anaweza kuanza na milioni moja. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na muda ukiisha fedha yenyewe hurudi. Nilimshauri dada anunue ya miaka kumi na mitano, tukinywa mtori wa ndizi jikoni kwake.

"Miaka kumi na mitano?" akauliza. "Mwinjilisti, umesali ukaonyeshwa kwamba nitakuwepo?"

"Usipokuwepo, itakwenda kwa warithi wako. Na ukibanwa kabla ya hapo, wakala huiuza kwa mtu mwingine kwa bei ya siku hiyo, iwe ya juu au ya chini."

"Sitaki kurithisha watu. Nataka kupumzisha shingo."

"Basi riba ndiyo itakayopumzisha shingo."

Akaniongezea mtori. "Haya. Lakini ukikosea, ndizi utabeba wewe."

Tulikwenda Moshi, kwenye benki anakoweka fedha zake. Binti mmoja wa kaunta alitupokea kwa shikamoo mbili, akachukua kitambulisho cha taifa cha dada na picha zake, akamjazia fomu ya kufunguliwa akaunti ya hatifungani Benki Kuu. Alitueleza kwamba mtu haendi Benki Kuu mwenyewe. Benki au dalali wa soko la hisa humpelekea zabuni yake. Mnada wa muda tuliotaka ulikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata.

Jumanne nilirudi na dada ili atie saini. Fomu nilijaza mimi. Kulikuwa na sehemu mbili: zabuni ya ushindani, ambayo mwombaji hutaja bei yake kwa kila shilingi mia za hatifungani, na zabuni isiyo ya ushindani, ambayo hutaji bei yoyote. Ile ya pili niliiona kama ya watu wasiojua minada. Nikaweka alama kwenye ushindani, na penye bei nikaandika themanini na tano.

Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Binti aliitazama fomu. "Babu, una uhakika na bei hii?"

"Mwanangu, minada ni kazi yangu," nilimjibu.

Jumatano asubuhi nilishuka tena Moshi, peke yangu, nikakaa kwenye benchi la benki nikisubiri kuitwa nipandishe. Nilikuwa nimepanga kwenda tisini, kisha tisini na tano, na nikilazimika mia. Saa tano ikapita. Saa saba ikapita. Watu walikuja na kuondoka, nami nilikuwa nikisali kimya kimya, nashukuru hata kwa kivuli cha ukumbi ule. Alasiri yule binti akaniona.

"Babu, bado upo? Unasubiri nini?"

"Duru ya pili."

Alikuja akaketi kando yangu, jambo ambalo sitalisahau. "Hakuna duru ya pili, babu. Kila mtu huandika bei yake bila kuona ya mwenzake. Saa tano mlango unafungwa. Wanapanga bei kuanzia ya juu kushuka, wanachukua hadi kiasi wanachotaka kitimie, wanaobaki chini wanarudishwa. Wenzako wengi waliandika mia na zaidi, kwa kuipenda riba yake."

"Na sisi?"

"Mmerudishwa. Fedha ya bibi iko salama, haijaguswa."

Nilipanda mlimani jioni ile kama mtu aliyebeba mawe. Dada alikuwa akipanga ndizi za kesho yake. Nilimweleza yote, pamoja na kiburi changu, maana kuungama nusu si kuungama. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo Serikali nzima umeitajia bei ya jogoo wa Jumapili!"

Kisha akaacha kucheka, akachukua ngata yake, ile pete ya majani makavu anayoiweka kichwani chini ya mzigo, akanivalisha. Kesho yake nilibeba. Sikufika hata nusu ya njia kabla ya kupumzika, na pale ndipo nilipoelewa kwa shingo yangu mwenyewe kile alichokuwa akikiomba.

Mnada mwingine wa muda uleule ulitangazwa miezi miwili baadaye. Safari hii tulijaza zabuni isiyo ya ushindani. Binti alieleza kwamba sisi wadogo tungepewa bei ya wastani wa walioshinda, na kwa kuwa wastani ungeweza kuzidi mia, tusiombe milioni sita kamili. Tuliomba milioni tano na nusu. Bei ilizidi mia kweli, kidogo. Tulipata zote. Fedha ilikatwa kesho yake, na dada akapewa karatasi yenye jina lake.

Riba ya kwanza ilikuwa mbali, hivyo ndizi ziliendelea kushuka sokoni. Tuligawana: siku moja yeye, siku moja mimi. Sikulalamika, ingawa usiku nililala kama gogo.

Siku ujumbe wa riba ulipoingia kwenye simu yake, alinipa nimsomee mara mbili. Jumapili iliyofuata alileta kanisani mkungu mmoja wa shukrani, na juu yake ameweka ile ngata. Niliunyanyua, nikauliza nani anaanza. Mzee mmoja akataja bei ndogo, kama desturi.

"Taja bei yako ya kweli," dada alimpigia kelele kutoka kwenye benchi, miguu ameinyoosha. "Mnadishaji huyu amezeeka, hana nguvu ya duru ya pili."

Watu walicheka. Mkungu ulinunuliwa. Ngata nilirudi nayo nyumbani, maana dada haihitaji tena, na ndizi za kwangu bado zinahitaji kushuka sokoni.