Maziwa ya Mama Kwenye Panchi

Mama yangu alipoona kwa mara ya kwanza ninavyoyafanya maziwa ya ng'ombe wake, aliweka mkono mdomoni kana kwamba ameona mtoto anaanguka kutoka juu ya mti.

"Maziwa mazima hayo! Mnayakatisha makusudi?"

Nilikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja iliyoko juu kidogo ya mji wa Lushoto. Mume wangu alikuwa ameniacha nikiwa bado kijana, na kazi ile ndiyo iliyonifaa. Sikuwa nakunywa pombe na sinywi hata leo. Dini hainiruhusu, na mama asingenipokea nyumbani. Lakini kuchanganya nilijua. Alinifundisha mwenye hoteli wa zamani, bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwepo kabla ya Uhuru, akabaki miaka kadhaa baadaye, kisha akauza vitu vyake na kwenda zake. Kinywaji alichokipenda kuliko vyote kilikuwa panchi ya maziwa.

Hutengenezwa hivi. Maganda ya malimau unayaloweka kwenye brandi mpaka siku ya pili. Unaongeza ramu, sukari, kungumanga, chai nyeusi nzito isiyo na maziwa, na maji ya malimau mengi. Hapo mchanganyiko una rangi ya kahawia kama maji ya mto wakati wa masika, na aliyewahi kuuonja huniambia unakausha ulimi. Kisha unapasha maziwa moto, bila kuyachemsha, unayaweka kwenye bakuli kubwa, na unayamiminia ule mchanganyiko polepole. Usifanye kinyume chake. Ukitia maziwa kwenye pombe yenye limau, yanashtuka yote kwa pamoja na kuwa chembechembe ndogo zinazopita kitambaani. Ukitia pombe kwenye maziwa, yanakatika kwa utaratibu na kufanya mabuja, yaani mabonge ya maziwa yaliyoganda, makubwa na laini.

Mabuja hayo ndiyo yanayofanya kazi. Limau linayagandisha, nayo yanapogandamana yanakamata ukakasi wote wa chai na sehemu kubwa ya rangi yake. Kila Msambaa anayekunywa chai ya maziwa anaujua mwanzo wa jambo hilo: maziwa hupunguza ukakasi, chai ikawa pole mdomoni. Tofauti ni kwamba kwenye panchi unayatoa maziwa yaliyoganda, nayo yanaondoka na mzigo wake. Unachuja kwa kitambaa cha melimeli. Maji ya kwanza hutoka yamechafuka. Unayarudisha juu ya mabuja, kwa sababu mabuja yenyewe yakishatulia juu ya kitambaa ndiyo chujio. Yanayofuata hutoka meupe, yenye manjano kidogo, unaweza kuona kidole chako upande wa pili wa glasi. Mafuta yamebaki kitambaani, lakini majimaji ya maziwa yamo bado, na utamu wake, na ile lishe nyepesi isiyogandishwa na limau. Ndiyo maana kinywaji kinapita kooni kama hariri, ingawa ukikitazama huoni maziwa hata kidogo.

Nilimweleza mama haya yote. Akasema, "Basi ng'ombe angejua."

Ng'ombe huyo alikuwa mmoja, mwekundu, mwenye doa jeupe ubavuni. Mama alikuwa mjane akikaa kwenye mteremko nje ya mji, njia ya kwenda Lukozi, na ng'ombe alifungwa zizini nyuma ya nyumba akikatiwa majani. Kila asubuhi mama alileta maziwa hotelini akiwa ameyafunika kwa jani la mgomba.

Hoteli wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa ya umma. Meneja alikuwa kijana kutoka kusini, mpole, mwenye wasiwasi mwingi. Siku moja aliniita kaunta. "Dada, anakuja mgeni mkubwa. Anakagua kazi ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Wamenipigia simu kwamba aliwahi kunywa panchi ya maziwa hapa zamani, na anaikumbuka. Unaweza?"

"Brandi iliyobaki inatosha mara moja tu."

"Basi itengeneze hiyo mara moja. Tafadhali usikosee."

Kesho yake, maganda yakiwa yamekwisha kulowa, mama alifika amechelewa. Hakuwa na kawaida hiyo. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia bila kunitazama. Aliweka chombo mezani, akaketi kwenye kiti cha jikoni alichokuwa akikikataa siku zote.

"Tunahamishwa," alisema. "Mteremko wetu wote. Wamekuja jana na chaki, wameweka alama milangoni."

"Wapi?"

"Chini. Kupita Mombo, kwenye tambarare. Wanasema huku juu tumetawanyika na udongo unaporomoka. Tuwe tumeondoka kabla ya mvua."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya maziwa juu ya jiko. Nakumbuka nilitazama mvuke ukianza, nikayaepua, kwa sababu yangechemka. Mikono ilijua kazi yake.

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wa huku akishuka kule anakufa kwa ndigana ya kupe. Wewe unajua. Baba yako alipoteza wawili." Akalikunja jani la mgomba lililofunika chombo. "Huyo mgeni wenu, si ndiye mkubwa wao? Wewe unasimama karibu naye. Mwambie neno, mwanangu. Mwambie mama yako ni mtu mmoja, ana ng'ombe mmoja, hamsumbui mtu."

Nilisema nitamwambia. Kisha nikaanza kumimina ile chai yenye pombe juu ya maziwa yake. Mama aliyatazama yakikatika, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka bakuli zima likawa mawingu ya kahawia yanayoelea. Safari hii mkono wake haukwenda mdomoni. Nilitamani angenikemea.

Panchi haiharakishwi. Ukikikamua kitambaa ili idondoke upesi, mabuja yanavunjika na kila kitu kinachafuka upya. Kwa hiyo tulikaa, mama na mimi, tukasikiliza matone. Meneja aliingia, akachungulia bakuli la chini, akaona maji ya kwanza yalivyo na ukungu.

"Imeharibika?"

"Bado. Narudisha juu."

"Mgeni atafika jioni hii."

"Naijua jioni, meneja. Lakini kitambaa hakiijui."

Akamwona mama, akamwamkia kwa heshima. Nadhani alitambua kilichompata, maana habari za chaki zilikuwa zimeenea mjini. Alisimama akishika funguo zake. "Mama, mimi sina uwezo wowote," alisema, ingawa mama hakuwa amemwomba kitu. Kisha akatoka.

Nilirudisha maji ya kwanza juu ya mabuja, taratibu, kwa upawa. Tone likaanza upya, na safari hii lilikuwa safi. Mama aliinuka, akafunga kanga yake. "Usisahau kumwambia," akasema, akaenda kumkatia ng'ombe majani.

Mgeni hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingekuwa rahisi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, suti yake imepauka mabegani, na alinishukuru kila nilipompa kitu. Nilipomimina panchi, aliinua glasi dirishani, ambako jua lilikuwa linaingia nyuma ya mivule, akacheka kwa furaha ya mtoto.

"Hii hapa! Niambie ndugu, kweli humu mna maziwa? Mbona ni meupe kama maji ya chemchemi?"

Nikamweleza: limau, mabuja, ukakasi wa chai unavyokamatwa, kitambaa. Alisikiliza kwa makini. Akanywa, akafumba macho. "Hariri," akasema. "Laini kabisa. Na maziwa mmeyatoa wapi? Ya kiwandani hayawezi kuwa hivi."

Swali hilo lilikuwa mlango uliofunguka, nami nikaingia.

"Ni ya ng'ombe wa mama yangu, mzee. Amewekewa alama ya chaki mlangoni. Anaambiwa ashuke tambarare. Yule ng'ombe hataishi kule, mzee. Na mama hana kingine."

Meneja alitazama sakafu. Mmoja wa waliofuatana na mgeni alifungua mdomo kunikemea, mgeni akamzuia kwa mkono. Aliweka glasi chini, akaizungusha kidogo pale pale ilipo.

"Huko kutakuwa na shule," alisema. "Na zahanati, na bomba la maji."

"Ndiyo, mzee."

"Ni kwa faida yake."

Nilichukua kitambaa, nikafuta meza. Aliponitazama tena uso wake ulikuwa umechoka. "Mama yangu mimi amehamishwa mwaka jana," alisema, sauti ya chini, kama tuko wawili tu. "Alinitumia mtu kuniomba. Ningemwacha mama yangu nyumbani kwake, halafu nimwambie nani ahame? Alihama. Tangu hapo haniiti mwanangu." Akaisogeza glasi kwangu. "Niongezee."

Nikamwongezea. Sikujua la kufanya zaidi, na mpaka leo sijui lilikuwa lipi.

Lori lilikuja kabla ya mvua, kama walivyosema. Lilibeba mabati, vitanda, kuku kwenye matenga, na mama akiwa mbele na dereva kwa sababu ya umri. Ng'ombe aliteremshwa kwa miguu na vijana wa jirani, kupitia Soni, kona baada ya kona, na waliniambia aligoma kila walipofika mahali penye joto zaidi. Nilikuwa kazini. Niliomba ruhusa, meneja akanipa, lakini nilipofika barabarani wote walikuwa wamekwisha kupita.

Niliwafuata mwisho wa mwezi. Mama alikuwa amejengewa kibanda cha miti kisichokandikwa bado. Bomba lilikuwepo, maji hayakuwepo. Ng'ombe alilala kwenye kivuli chembamba cha mgunga, tezi za chini ya masikio zimevimba kama viazi, akihema kwa nguvu, povu puani. Bwana mifugo alikuwa amekuja kwa baiskeli, akampima joto, akasema ni ndigana, na dawa hakuna, labda Korogwe, labda Tanga. Alikuwa na haya machoni.

Mama alikuwa akimpepea kwa upande wa kanga. Ng'ombe, anampepea kama binadamu mgonjwa.

"Ulimwambia?" aliniuliza.

"Nilimwambia, mama."

"Akasema nini?"

Nilimweleza yote, pamoja na habari za mama yake yule mtu. Alisikiliza bila kuacha kupepea. "Maskini," akasema mwishowe. Sikuuliza alimkusudia nani.

Ng'ombe alikufa alfajiri iliyofuata. Majirani walitusaidia kuchimba, udongo wa kule ni mgumu kama tofali. Nilimbembeleza mama aje kukaa nami, lakini chumba changu kilikuwa cha hoteli na sheria haikuruhusu wazazi, naye alilijua hilo kabla sijasema. Nilimpikia uji. Alikula kidogo, akalisogeza bakuli.

"Nenda," akasema. "Basi la kupanda litakuacha, na wenzako watasema huthamini kazi."

Nikatafuta viatu vyangu, nikaenda.