Viduara vya Kijani na vya Njano

Kila Ijumaa niliandika jarida la barua pepe la ofisi ya kanisa letu, hapa Lushoto, na kulituma kwenye sharika zote, za milimani na za kule chini Mombo. Aliyeliandika kabla yangu aliamini kwamba tangazo likishaanza na "Mnatangaziwa kwamba" kazi imekwisha. Nililikuta limepooza, nikaamua kulipamba kwa emoji, vile vipicha vya kwenye simu. Mkutano wa akina mama ukapata ua, semina ya vijana ikapata gitaa, sikukuu ya mavuno ikapata karoti. Kwenye simu yangu lilipendeza kwelikweli, nami nikajiona mtu wa maana. Nikikumbuka sasa naona haya.

Katibu muhtasi wetu, mama wa umri wa kunizaa, alikuwa na kompyuta kongwe kuliko zote ofisini, na programu yake ya barua pepe ilikuwa ileile iliyokuja nayo. Asubuhi moja aliniita.

"Mwanangu, hebu njoo uone. Moyo wako huu kwangu ni mweusi. Na hapa kuna visanduku vitupu. Umefuta kitu?"

Nikachungulia. Kweli moyo mwekundu ulikuwa mweusi tii. Mkono wa kupunga, niliouchagulia rangi ya ngozi yetu, ulikuwa mchoro wa mistari tu, na pembeni yake kimekaa kisanduku kitupu. Karoti haikuwepo kabisa, palikuwa na kisanduku kingine.

"Ni kompyuta yako, mama. Imezeeka," nikamwambia, nikacheka.

"Basi tumezeeka pamoja," akasema, naye akacheka, akaendelea kuchapa barua zake.

Ningekuwa na akili ya kuuliza ni sharika ngapi zina kompyuta kama ile, ningejibiwa palepale kwamba karibu zote. Zile mashine tulizipeleka sisi wenyewe, kila ofisi ya mjini ilipopata mpya. Lakini sikuuliza. Mtu akishapenda kazi yake mwenyewe hupungukiwa masikio.

Mwaka huo tuliletewa timu ya madaktari wa macho. Wangefanya upasuaji wa mtoto wa jicho siku mbili tu: Jumanne Lushoto, Jumatano Mombo, kisha waondoke. Kila siku ilikuwa na sharika zake, kwa kuwa walibeba vifaa vya watu waliokwisha kuandikishwa.

Miongoni mwa walioandikishwa alikuwemo mwalimu wangu wa darasa la pili, ambaye baada ya kustaafu alirudi kuishi upande wa Soni. Jicho lake moja lilikuwa limekufa zamani, na la pili lilikuwa limeingiwa na ukungu. Mumewe alikuwa kitandani, na kila mtu alijua kwamba hatapona. Nilipokwenda kuwasalimu aliniambia waziwazi, "Nataka nimwone mzee wangu vizuri, angalau mara moja, kabla hajaniacha. Sasa hivi namjua kwa sauti tu." Nikamwahidi kwamba tangazo nitaliandika mimi mwenyewe, atulie.

Nililiandika kwa mapenzi. Juu nikaweka ufunguo: duara la kijani, Jumanne Lushoto, duara la njano, Jumatano Mombo. Chini nikaorodhesha sharika, kila moja na duara lake. Usharika wa Mwalimu ulikuwa wa kijani. Nikajitumia jaribio kwenye simu, nikatabasamu, nikabonyeza.

Jumatano alasiri simu ililia kutoka Mombo. Muuguzi alisema wazee kumi na mmoja wa upande wa Soni wamefika pale, na majina yao yalikuwa ya jana. Vifaa vilivyobaki vilitosha walio kwenye orodha ya siku tu, na vya hao kumi na mmoja walikuwa wamepewa wengine waliojitokeza Lushoto jana. Nikauliza kama yumo mama mmoja mrefu, mwalimu. Yumo, akasema, ameketi kwenye benchi na mkoba wake, hajalalamika hata kidogo.

Nilikasirika, tena kwa sauti. Nilisema karani wa usharika ule hajui kusoma.

Kesho yake dereva wa basi dogo alishusha bahasha ofisini. Ndani yake mlikuwa na jarida langu, limechapwa vizuri, na barua fupi ya karani, mzee mwenye mwandiko wa kupendeza. Aliandika kwamba fomu ameipokea na kuijaza. Wazee walikutana baada ya ibada wakachagua Jumatano Mombo, maana magari ya kwao huteremka moja kwa moja bila kupita Lushoto.

Fomu. Nikaitazama karatasi. Mahali pa viduara vyangu vyote, vya kijani na vya njano, palikuwa na visanduku vitupu vinavyofanana. Juu kisanduku na "Jumanne Lushoto", chini yake kisanduku na "Jumatano Mombo". Karani alikuwa ameweka tiki ya wino wa bluu kwenye cha pili, na nyingine mbele ya jina la usharika wake, kama alivyojaza fomu za serikali maisha yake yote. Alikuwa amesoma kila kitu kilichokuwepo.

Nikaenda hadi kwa katibu muhtasi na ile karatasi. Sikumficha kitu. Alifungua barua ileile kwenye kompyuta yake, tukaviona visanduku pamoja, na hakunicheka. Ilinibidi nijifunze siku ile nilichopaswa kujua mapema: barua haibebi picha ya emoji, inabeba namba yake tu. Kompyuta inayoipokea ndiyo inayochora, kwa fonti, yaani seti ya herufi na michoro, iliyonayo yenyewe. Viduara vya kijani na njano ni vya miaka ya karibuni; kompyuta ya zamani haina michoro yake, kwa hiyo huchora kisanduku. Na hata ingekuwa nayo, mashine za kuchapia za sharika zetu zina wino mweusi tu. Kijani na njano zingetoka kijivu zote mbili.

Tangu hapo kila jarida hupita kwanza kwenye kompyuta ya yule mama. Analifungua, kuanzia kichwa cha barua, kisha analichapa, nami naisoma karatasi nikijifanya emoji hazipo kabisa. Kama siku, mahali au onyo linapotea, tangazo halijaandikwa. Ua naliacha likipenda kubaki, lakini kazi yote inafanywa na maneno. Ni dakika kumi tu, na zingetosha.

Timu ilirudi baada ya miezi kadhaa. Mwalimu alifanyiwa upasuaji, ukafanikiwa. Mumewe tulikuwa tumemzika majuma matatu kabla.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama usoni muda mrefu, akasema nimenenepa. Nikamweleza yote, visanduku, karani, na jinsi nilivyomtukana mtu wa watu. Ile karatasi nilikuwa nayo. Akaichukua, akaisogeza dirishani, akaisoma bila miwani kutoka juu mpaka chini. Kisha akaweka kidole kwenye kisanduku chenye tiki cha Jumatano Mombo.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Duara, Mwalimu. La njano. La kwenu lilikuwa la kijani."

"Kijani ya namna gani?"

Nikalitafuta kwenye simu nikamwonyesha. Akaitazama kwa makini, kwa jicho lake jipya.

"Nzuri," akasema, akanirudishia simu.