Alama Nane za Mwalimu Wangu

Mwalimu aliyenifundisha kusoma alikuja kuwa mwanafunzi wangu chuoni, hapa hapa Kalemie, akiwa amepita miaka sitini. Maisha yake yote alikuwa wa shule ya msingi. Sasa alitaka shahada ya historia, apate kufundisha sekondari hata mwaka mmoja kabla macho yake hayajachoka. Siku ya kwanza aliingia na kofia yake ya kwenda msikitini, akakaa mbele kabisa, akaniita Profesa bila kutabasamu. Nilishindwa hata kuita majina.

Mtihani wangu una swali moja tu. Nawapa wanafunzi kurasa za wanahistoria wawili juu ya tukio moja, wapime maelezo ya nani yana nguvu zaidi, na kwa nini. Mwaka ule tukio lilikuwa vita vya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wanajeshi wa Kizungu walipofika ziwani kwetu na kupigana na wafanyabiashara Waislamu wa pembe za ndovu na watumwa. Mwandishi wa kwanza, wa enzi ya ukoloni, anasema walikuja kukomesha utumwa. Wa pili, wa baada ya uhuru, anasema walifuata pembe.

Papa Mwalimu, ndivyo tulivyomwita tangu utotoni, aliandika kurasa sita za Kifaransa safi, mwandiko ule ule wa ubaoni. Alisimulia kila mwandishi alichosema, hakuacha hata nukta, kisha akamaliza kwamba wasomi wote wawili wako sahihi. Basi. Kupima hakupima. Nilimpa nane juu ya ishirini, na kumi ndiyo ya kupita. Kumwongezea mbili ningeweza, na nani angejua? Nilikasirika, kwanza na yeye, halafu na mimi kwa kutamani.

Alikuja ofisini kwangu peke yake. Hakulalamika, aliuliza tu alipopotea. Nilimwambia ilibaki sesheni ya pili, ile ya kurudia mtihani, na akianguka tena atarudia mwaka mzima. Alijua. Nikamwuliza kwa nini hakuchagua.

"Hawa watu walisoma sana," alisema. "Miye ni nani niseme huyu alikosea?"

Mimi si mtu wa subira. Nilimwambia kwamba mwandishi hahukumiwi kama mshitakiwa, anaulizwa maswali. Aliandika lini, akishika karatasi za nani? Alitaka kujua nini hasa, na sauti ya nani haimo? Na kumjua mwandishi anaegemea wapi si ruhusa ya kumtupa, maana hata mwenye upande wake huona mambo. Papa Mwalimu aliandika yote kwenye daftari, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, kama tulivyofanya sisi watoto wake zamani. Ilibidi niangalie dirishani.

Nilikumbuka mambo mengine pia. Kitabu chetu cha darasa la tano kilisema watu wa kofia, wale wafanyabiashara Waislamu, waliuza watu, Wazungu wakawaokoa, na hadithi imeisha. Yeye alitusomea hivyo mwaka baada ya mwaka, nasi tukiitazama kofia yake kichwani. Kwa hiyo nilidhani najua atakachoandika safari hii. Atamkumbatia mwandishi wa pili, ajisafishie ukoo, na nani angemlaumu.

Sikumjua vizuri. Katika sesheni ya pili aliandika kurasa nne tu. Juu ya nia ya wanajeshi, alisema wa pili ana nguvu zaidi, kwa sababu analinganisha barua za maofisa na daftari za biashara ya pembe, ilhali wa kwanza anaziamini barua zilizoandikwa kuomba msaada Ulaya. Lakini wa pili anawageuza mateka kuwa vyombo tu vya kubebea pembe. Wa kwanza, pamoja na majivuno yake yote, alinakili maneno ya mateka wenyewe yaliyohifadhiwa misheni. Akamalizia kwamba nia mbaya ya aliyefika haifuti kamba ya aliyefungwa. Kuhusu ukoo wake hakuandika neno.

Nilimpa kumi na tano, na ningempa hivyo hata kama nisingemjua.

Alipokuja kuchukua karatasi nilimwuliza, siyo kama profesa tena, iwapo ilikuwa vigumu kutompa haki yote yule mwandishi wa pili. Alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

"Bibi njo alinilea," alisema. "Mama yake walimununua akiwa mutoto. Muntu alimununua njo babu yetu, yule wa kofia. Miye ni wa wote wawili, mwanangu. Kama ningesema Wazungu walifuata pembe tu na kufunga kitabu, yule mama ningemuuza mara ya pili."