Kifungu cha Ng'ombe

Agustina hajawahi kuegemea kiti kikaoni. Hukaa ukingoni, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kudai chake na hana nia ya kupewa soda. Nimekuwa mhasibu wa shirika lake la wajane hapa Mugumu muda mrefu, na mikono yake ikianza kuzungusha kamba ya mkoba huo najua kuna mtu atakiona cha moto. Alhamisi ile kamba ilikuwa inazunguka tangu asubuhi.

Tulikuwa tunamalizia hati ya makubaliano na shirika la Tarime linaloongozwa na Mzee Heche. Mradi ni mmoja, mashirika mawili: mjane anapewa mtamba mwenye mimba, na ndama jike wa kwanza anavuka wilaya. Wa Nyakunguru, kule Tarime, anakuja kwa mjane wa Issenye, huku kwetu; wa Issenye anakwenda Nyakunguru. Mfadhili alitaka hati yenye saini kabla hajatoa ng'ombe wengine. Rasimu ilikuwa imejaa maneno matamu ya kushirikiana na kuheshimiana, ambayo hata mchawi angeyasaini.

"Haya yote hayafungi kisheria," alisema Gloria, wakili kijana tuliyemkodi. "Ni nia njema tu. Ukivunja nia njema, mwenzako ananuna, basi. Vifungu vya kufunga lazima mvitaje kimoja kimoja. Mpaka sasa mmekubaliana viwili, fedha na siri za walengwa."

"Na cha tisa," alisema Agustina.

Mzee Heche akavua miwani. "Cha tisa kibaki kwenye nia njema, mama."

Kifungu cha tisa kilisema ng'ombe ni mali ya shirika lililomtoa mpaka ndama jike wa kwanza avuke, na kwamba shirika hilo litamrudisha ng'ombe yeyote atakayechukuliwa na mtu mwingine, hata kwa kwenda mahakamani.

Kila mtu mezani alijua tunazungumza habari za nani. Wegesa alikuwa amekaa palepale karibu na dirisha, mwakilishi wa wajane wa Nyakunguru, kitenge kimefungwa vizuri, midomo imekauka. Ng'ombe wake alikuwa miongoni mwa wale wa majaribio, waliogawiwa na shirika la Mzee Heche kabla ya hati hii. Shemeji yake, Mseti, alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi ng'ombe huyo anaondoka na mahari ya mwanawe. Kisa? Ana chapa ya ukoo ubavuni. Na chapa hiyo tuliipiga wenyewe, mashirika mawili yenye ofisi na mihuri, tukiwaogopa wezi wa mifugo. Wezi kweli hawakumgusa. Ila kwa Wakurya, ng'ombe mwenye chapa ya ukoo yumo kwenye hesabu za ukoo, na tulikuwa watatu au wanne pale tuliolijua hilo tangu utotoni na tukapasha chuma moto vilevile. Akili zetu siku hiyo zilikuwa likizo.

"Mzee Heche, kikibaki nia njema, Jumamosi utafanya nini?" aliuliza Agustina.

"Nitaongea na wazee."

"Umeshaongea nao."

"Nitaongea tena! Unajua unaniambia nini wewe mama? Mseti ni mtoto wa baba yangu mdogo. Ukikifunga hiki kifungu, ng'ombe akiondoka mimi sina hiari tena. Nisipomshtaki ndugu yangu, wewe unanishtaki mimi."

"Ndiyo," alisema Agustina. "Ndiyo maana nataka kifunge."

Mzee Heche si mtu mbaya. Aliuza shamba lake la mihogo kulianzisha shirika lile, na ana wajane wanaomwita baba bila kujipendekeza. Lakini Agustina ana ng'ombe wake mwingine kichwani, mwekundu, wa mama yake, pale Issenye. Baba zake wakubwa walimswaga siku chache baada ya matanga ya baba yake, mama akisimama mlangoni na kamba tupu, na Agustina akaacha shule kwa kukosa ada mpaka padri alipomrudisha. Alisomea mifugo kwa hasira. Ameolewa, amezaa, amezika mume, na hasira ile bado mbichi. Siku nyingine inanichosha. Siku ile niliiombea isipoe.

"Mnaweza kukifunga," alisema Gloria, "lakini hakitamsaidia Wegesa. Hati inawafunga nyinyi mtakaoisaini, haimfungi Mseti. Tena ng'ombe wa majaribio walitolewa moja kwa moja, bila mkataba. Kisheria yule ni wa Wegesa. Anaweza kwenda mahakama ya mwanzo mwenyewe, dhidi ya shemeji anayeishi naye boma moja."

"Na sisi?" aliuliza Agustina.

"Shirika likitaka kumdai kama mali yake, Wegesa lazima akubali kwa maandishi kulirudishia umiliki. Kisha mtaje kwenye kifungu kwamba ng'ombe wa majaribio wamo."

Kamba ya mkoba ikasimama. Maisha yake yote Agustina alitaka mwanamke mmoja awe na ng'ombe wake, na huyu hapa alikuwa naye, na yeye ndiye wa kumwambia amrudishe.

Alihamisha kiti chake mpaka kwa Wegesa. "Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia. Kumbe alikuwa wangu kweli." Wegesa alicheka kidogo, machozi yakitoka. "Mbona hamkuniambia mapema? Ningemfaidi."

Nilitazama chini kwa aibu.

"Sikulazimishi," alisema Agustina. "Ukikataa, tutasimama na wewe mahakamani. Ukikubali, ndama jike akivuka, ng'ombe anarudi kwako. Gloria, andika hilo nalo lifunge. Arudi kwa mjane mwenyewe, kwa jina lake. Usiandike familia. Ukiandika familia nachana karatasi."

Wegesa akamtazama Mzee Heche. "Baba, wewe utamfuata ng'ombe kweli?"

Mzee alikuwa ameshika paji la uso. Alivaa miwani, akanigeukia mimi mwenye kompyuta. "Mura, kijana wangu, andika. Cha tisa kinafunga. Na cha kwangu kiongezwe, tusipige chapa ya ukoo tena. Tutumie hereni za masikioni."

Nilichapa nikikosea herufi ovyo. Wegesa alisaini karatasi yake, kisha wakuu wawili wakasaini hati. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Heche alitoa simu papo hapo, akampigia Mseti mbele yetu. Waliongea Kikurya. Kwanza kwa upole, halafu hata tuliokaa upande wa pili wa meza tukaanza kusikia sauti ya Mseti. Mzee alirudia sentensi moja mara kadhaa, polepole, mpaka simu ikakatwa.

"Amesema nisifike kwenye harusi," alisema. "Wala kwenye msiba wake."

Agustina ameshinda, nikawaza, na hajui aweke wapi ushindi wake.

Ndipo Wegesa alipouliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa mimi leo nalala wapi?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria. Vifungu kumi na vinne, wakili, mhasibu, wakuu wawili, na mwanamke alikuwa anarudi jioni ile kwenye boma la Mseti. Agustina aliinamia rasimu, akapekua kurasa haraka haraka kana kwamba lilikuwemo mahali.

Mzee Heche alisimama, akachukua funguo za gari.

"Kwangu," alisema. "Wewe, watoto na ng'ombe. Tunawapitia sasa hivi."

Gloria aliinua kalamu, akauliza kama aingize hilo kwenye hati.

"Hilo usiliandike," alisema Mzee Heche, akamfungulia Wegesa mlango.