Mzungu Ndani ya Simu ya Wepukhulu

Wepukhulu hufuma sweta za shule kwa mashine huko mtaa wa Kongo, Kawangware, jijini Nairobi, na haoni tangu utotoni. Simu yake humsomea kila kitu kwa sauti, ila Kiswahili ilikisoma kama mzungu aliyeshuka ndege asubuhi hiyo.

Hilo lisingemuuma sana kama si mchumba wake, Ndinda. Ndinda anafanya kazi kwa kinu cha kusaga mahindi Kibera, ambako huwezi kurekodi sauti ila ya kinu, kwa hiyo huandika. Juzi aliandika meseji ndefu. Wepukhulu alishika “kaka zangu” na “Jumamosi”. Mengine yote mzungu aliyatafuna. Kumwomba jirani amsomee hakuwezekani: Mama Kaveke husoma akiongeza maoni yake, halafu plot nzima ya wapangaji huendelea na mjadala.

Akaipeleka simu kwa Kevin, fundi wa pale stendi ya Forty-six.

“Hii simu yako haigongeki, mzee,” Kevin alisema.

“Gonga mara moja itaje kitu. Mara mbili ifungue.”

Kevin hakuwa na subira hiyo. Akaizima sauti, akapapasa anavyojua, akairudisha. “Sasa iko Kiswahili.”

Ilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Menyu zote zilikuwa Kiswahili, na mzungu alizisoma zote.

“Umebadilisha lugha ya simu,” Wepukhulu alisema. “Mimi nataka sauti.”

“Si ni kitu moja?”

“Wewe ukivaa suti unakuwa mbunge?”

Wateja wawili wakacheka. Kevin, safari hii kwa kunung'unika, akaingia kwa mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti, akakuta injini ya sauti imefungwa kwa Kiingereza. Akafungua orodha ya sauti za kupakua, akatafuta Kiswahili cha Kenya. Simu ikakataa: imejaa. Wepukhulu akafuta video za harusi za watu wengine, moja moja. Kupakua kukaanza, mtandao ukakatika, kukaanza upya. Mwishowe Kevin akachagua lugha ya sauti kuwa Kiswahili, akafungua meseji ya kwanza aliyoiona, akapandisha sauti hadi mwisho ili kazi yake isikike.

Sauti mpya ya simu, ya mwanamke mwenye Kiswahili safi, ikaambia kibanda kizima: “Kaka zangu wanakuja Jumamosi. Wanauliza kama mtu asiyeona anaweza kulisha familia. Nimeshindwa kuwajibu. Wewe utawaambia nini?”

Hakuna aliyecheka.

“Waambie una mashine mbili,” mteja mmoja alishauri.

“Waambie ni mambo ya Mungu,” akasema mwingine.

“Kevin,” Wepukhulu alisema, “nipe hiyo simu.”

Akaenda nyuma ya kibanda na kuisikiliza tena, chini chini, sikioni. Kila neno lilikuwa wazi. Tangu juzi alikuwa na mzungu wa kumlaumu kwa kutojibu. Sasa amebaki yeye na swali. Akashikilia kitufe cha kurekodi, ili Ndinda amsikilize kinu kikishazimwa.

“Waje,” alisema. “Lakini hilo neno lako la ‘nimeshindwa kuwajibu,’ tutaanza nalo mimi na wewe, kabla hawajafika.”