Vidole Viwili Juu ya Titi

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na siku tisa nilipoanza kumwogopa. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Kabambare, nimezoea kusimama mbele ya watoto hamsini na kelele zao, lakini yule mmoja akigeuza kichwa kutafuta titi, jasho lilinitoka. Chuchu zote mbili zilikuwa zimepasuka. Ya kushoto ilikuwa na mpasuko mrefu upande wa chini, na kila alipoiachia ilitoka imebanwa bapa, ncha yake nyeupe. Siku moja alicheua maziwa yenye damu. Damu ilikuwa yangu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Lusangi kunitunza siku arobaini, maana mume wangu alikuwa Salamabila kwenye biashara yake ya nguo, na mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alitaka yafuatwe. Ndiye aliyenionyesha kunyonyesha: titi linashikwa kati ya vidole viwili, karibu na chuchu, na kidole cha juu kinalikandamiza mbele ya pua ya mtoto.

“Ukiacha kufinya hapa, mutoto atakosa pumuzi,” aliniambia.

Mama yangu kule Kasongo alinyonyesha hivyo. Dada zangu hivyo hivyo. Sikuwahi kuona mwanamke akifanya vingine, kwa hiyo sikuuliza. Sisi walimu tunawagombeza watoto kwa kukariri wasichokielewa.

Kwa mipasuko aliniamuru nioshe chuchu kwa sabuni kila kabla ya kunyonyesha, kisha nipake mafuta ya mawese. Ngozi ikakauka, ikapasuka zaidi. Niliendelea kuosha.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, nilianza kutetemeka hadi meno yakagongana. Mama mkwe alinishika paji la uso, akasema ni malaria, na mimi nikakubali, kwa sababu kwetu homa yoyote ni malaria mpaka ithibitike vingine. Nikameza vidonge vilivyobaki kabatini. Kesho yake homa ilikuwa pale pale, na titi la kushoto, upande wa kwapani, lilikuwa jekundu, gumu, la moto, ngozi imevutika hadi inang’aa. Nilishindwa kuinua mkono.

Mama mkwe aliliangalia kwa muda.

“Maziwa imeharibika,” akasema. “Usimupe tena titi hii. Acha ipumuzike. Nitamupikia uji mwepesi.”

Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilikuwa nimepata ruhusa, tena kutoka kwa mtu mzima. Nilimsikia akichekecha unga uani na nikamshukuru moyoni. Titi sikumpa mtoto tangu asubuhi, na kufika saa sita lilikuwa limejaa hadi mshono wa blauzi ukinigusa nauma meno.

Hapo ndipo niliposema naenda kwenye kituo cha afya. Akanikumbusha arobaini. Nikamjibu kwamba basi atanizika ndani ya hiyo arobaini, yeye na sufuria yake ya uji. Sikuwahi kumjibu hivyo. Aliepua sufuria, akafunga kitenge chake, akambeba mtoto, tukaenda.

Mkunga wa zamu alikuwa mwanamke mfupi, asiye na haraka. Alinichoma kidole kwanza. Malaria haikuwepo. Akapima homa, akanifungua blauzi, akaligusa titi kwa migongo ya vidole.

“Hii homa inatoka hapa,” alisema. “Muchubuko ya chuchu ndiyo mulango, vijidudu vimepita. Ingekuwa titi gumu tu, bila homa, ningekurudisha nyumbani unyonyeshe mara nyingi, nikuone kesho. Lakini iko na homa toka jana, na chuchu imepasuka. Hatungoji.”

Alinipa vidonge vya kloksasilini, dawa ya kuua vijidudu: kimoja kila baada ya saa sita, siku kumi, nisiviache hata homa ikishuka. Paracetamol ya maumivu. Kitambaa cha maji baridi baada ya kunyonyesha. Nisikande kwa nguvu. Siku mbili zikipita bila nafuu, au likibaki donge ambalo likibonyezwa linabonyea, nirudi mbio, maana huo utakuwa usaha, na usaha hautoki kwa vidonge peke yake.

“Na kumunyonyesha?” niliuliza, nikitumaini.

“Titi zote mbili. Hii yenye ugonjwa zaidi ya ingine. Maziwa iko muzuri. Ikibaki ndani ndiyo itakuharibu. Munyonyeshe sasa, nione.”

Nikaweka vidole vyangu viwili. Aliviondoa, kama ninavyoondoa kalamu mdomoni mwa mwanafunzi.

“Ona. Vidole vyako vinamuzuia asiingize titi. Anabaki na ncha peke yake, anaitafuna.”

Alimgeuza mtoto, tumbo lake likagusa tumbo langu, sikio, bega na nyonga vikawa mstari mmoja. Pua akaielekeza kwenye chuchu, akaniambia ningoje. Mtoto alilamba, akafungua mdomo kidogo. Ngoja bado. Alipofungua kama anayepiga mwayo, mkunga alimsukuma mgongoni, kidevu kikatangulia kugusa titi, na mdomo ukachukua chuchu na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, hasa ya chini. Mdomo wa chini ulipinduka nje. Pua ilikuwa wazi yenyewe, bila kidole cha mtu. Mama mkwe aliinama kuiangalia ile pua.

Mvuto wa kwanza uliniuma. Wa kumi ulikuwa mzito tu. Kisha nikamsikia mtoto akimeza, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa siku kadhaa, na nikalia mbele ya watu wazima wawili. Mkunga alisema maumivu yakiendelea nisivumilie: niingize kidole kidogo pembeni mwa mdomo, nimwachishe, nianze upya. Sabuni basi, mawese basi. Baada ya kunyonyesha nikamue matone machache, niyapake kwenye chuchu, niyaache yakaukie hewani.

Nilifanya hivyo. Homa ilishuka siku ya pili. Siku ya tatu titi lilikuwa limelainika, na mpasuko umeanza kujifunga kutoka pembeni. Uji haukupikwa tena.

Mchana wa siku hiyo ya tatu nilikuwa nimekaa mlangoni, mtoto kwenye titi la kushoto, na mama mkwe akichambua mchele mbele yangu. Alituangalia, akarudi kwenye ungo, akatuangalia tena.

“Yule muganga wa kituoni alisema maziwa ya titi yenye ugonjwa iko muzuri?”

“Ndiyo, mama.”

“Haiui mutoto?”

“Haimuui.”

Alitoa punje ya jiwe, akaitupa.

“Na zamani? Wakati yetu, ilikuwa vile vile?”

Nilijua ninaulizwa kitu kikubwa, na sikujua ni nini. Nikasema ndiyo, ilikuwa vile vile.

Akaniambia, kwa sauti ile ile ya kuulizia chumvi, kwamba mume wangu si mtoto wake wa kwanza. Kabla yake alikuwepo wa kike. Titi lilivimba, wakasema maziwa yameharibika, akampa uji. Mtoto aliharisha siku tano.

“Maziwa ilikuwa inatoka mingi,” alisema. “Nilikuwa nakamulia chini, mama. Kila siku, nyuma ya nyumba, nakamulia chini.”